Figo za mama na za mdogo wangu: Nani alistahili kupimwa damu?

Barua ya wiki hii imetoka kwa mama wa mtoto mmoja, mwenye miaka 31. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake.

"Daktari, mwezi uliopita ilikuja kambi ya upimaji wa figo kwenye uwanja wa shule mtaani kwetu. Tulikwenda watatu: mimi, mama yangu mwenye miaka 58 na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 25. Mama ana presha miaka tisa sasa. Walimpima presha wakakuta 152 kwa 94, mkojo ukaonyesha protini plus moja, wakamtoa damu. Mdogo wangu presha yake ilikuwa nzuri, lakini mkojo nao ukaonyesha protini plus moja kama wa mama. Alipoomba atolewe damu wakamkatalia, wakamwambia arudi wiki ijayo na mkojo wa asubuhi. Mimi presha yangu ilikuwa 118 kwa 76. Wakaniuliza kama nina presha au kisukari, nikasema sina, wakaniambia niende nyumbani. Mdogo wangu alikasirika, akaenda kulipia kipimo cha damu maabara ya mtaani. Kreatinini yake ni 110. Ya mama nayo ilitoka 110. Karatasi zote mbili zinasema kawaida ni 62 hadi 115. Kwa hiyo tumeshukuru Mungu wote ni wazima. Ila mdogo wangu bado analalamika kwamba pale uwanjani watu wanachaguliwa. Ni haki kweli kuchagua nani apimwe damu na nani asipimwe?"

Dada, asante kwa barua yako, na kwa kuandika namba zote. Nitakujibu kwa uwazi. Kuchagua ni haki, tena ndiyo njia sahihi. Mdogo wako hakuonewa. Aliyesahaulika pale uwanjani ni wewe. Na hizo shukrani kwa upande wa mama naomba mzisitishe kwanza, kwa sababu 110 ya mama si sawa na 110 ya kijana. Nitaeleza moja baada ya jingine.

Kwa nini wasipimwe wote?

Wengi tunaamini kwamba kipimo hakina hasara: ukipimwa na huna kitu, umeondoka na amani. Kwa figo mambo hayako hivyo, na sababu yake inaonekana vizuri kwa hesabu ndogo.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa Moshi na vijiji vyake, kaya kwa kaya, kwa watu wazima wapatao 480. Kwa jumla, watu 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Lakini mjini na vijijini palikuwa na tofauti kubwa. Mjini walikuwa kama 15 katika kila 100, vijijini walikuwa 2 tu. Na kati ya waliokutwa nao, karibu mmoja tu kwa kila kumi ndiye aliyekuwa akijua.

Sasa tuchukue kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye vibox vya rangi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kijiti chetu kinawakamata wagonjwa 7 katika kila 10, na kwamba kwa kila wazima 10 kinamsingizia mmoja.

Tukipeleka kijiti hicho kijijini kwa watu 1,000, wagonjwa ni 20 na kijiti kinawakamata 14. Wazima ni 980, na kijiti kinawasingizia 98. Watakaoambiwa "mkojo wako una tatizo" ni 112, na kati yao wagonjwa kweli ni 14. Yaani mtu mmoja kati ya wanane. Wale saba wengine watalala na hofu, watakopa nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na baadhi yao watanunua dawa za "kusafisha figo" njiani.

Tukipeleka kijiti hichohicho, kwa mikono ileile, mjini kwa watu 1,000, wagonjwa ni 150 na kijiti kinawakamata 105. Wazima ni 850, wanaosingiziwa ni 85. Walioitwa ni 190, na zaidi ya nusu yao ni wagonjwa kweli.

Kijiti hakijabadilika. Kilichobadilika ni watu waliokaa kwenye benchi. Jibu la kipimo linaaminika zaidi pale ambapo mtu anayepimwa alikuwa na sababu ya kupimwa tangu mwanzo. Ndiyo maana kambi nzuri haianzi na sindano. Inaanza na meza ya maswali na mashine ya presha, ndipo inakwenda kwenye mkojo, na mwisho damu. Kila meza inaamua nani aende meza inayofuata.

Meza ya kwanza: maswali na presha

Presha ni kipimo rahisi, na ndicho kinachoharibiwa kwa urahisi zaidi. Kwenye barua yako kuna sehemu niliyoifupisha, ambapo ulisema mama alipofika tu, baada ya kutembea na jua, mashine ilisoma 168 kwa 98. Muuguzi akamwambia akae. Baadaye akapima tena mara mbili na kuandika 152 kwa 94. Muuguzi huyo anajua kazi yake. Mtu anatakiwa apumzike ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, kibofu kitupu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na asiongee. Kama amekunywa kahawa au amevuta sigara, asubiri nusu saa. Mkanda nao uwe unatosha mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba na kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Inapimwa mara mbili au tatu, kwa kuachia dakika moja au mbili, na kuchukuliwa wastani.

Ukiona kwenye kambi watu wanapimwa wamesimama, au juu ya koti, ujue meza ya pili itajaa watu wasiohusika.

Lakini presha peke yake haitoshi kuchagua, na hapa ndipo walipokukosea wewe. Ule utafiti wa Moshi uliangalia pia wagonjwa wale wa figo walikuwa na nini kingine. Karibu nusu yao hawakuwa na presha, hawakuwa na kisukari, wala hawakuwa na VVU. Kwa maneno mengine, kambi inayouliza "una presha au kisukari?" na kuishia hapo inaweza kuwaacha nyumbani wengi kati ya wale iliokuja kuwatafuta.

Kwa hiyo maswali ya meza ya kwanza yanatakiwa kwenda mbali zaidi. Je, umewahi kuambiwa una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo au kiharusi? Unaishi na VVU? Katika ndugu zako wa damu, kuna aliyewahi kufeli figo au kusafishwa damu kwa mashine? Umewahi kulazwa ukaambiwa figo zimepata shida, labda kwa sababu ya malaria kali, kuharisha sana au kupoteza damu wakati wa kujifungua? Unatumia vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni mara kwa mara, au dawa za mitishamba kwa muda mrefu? Na kwa kila mwanamke aliyezaa: katika mimba yoyote, presha ilipanda?

Hili la mwisho ndilo lako, dada. Katika barua umeandika kwa kupita tu kwamba mtoto wako mwenye miaka minne "alizaliwa kabla ya wakati, miezi saba, kwa sababu presha ilipanda nikavimba na mkojo ukawa na protini". Hiyo ilikuwa hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa wengi presha hushuka baada ya kujifungua na mambo yakaisha. Lakini mwanamke aliyepitia hapo ana uwezekano mkubwa zaidi, kuliko mwenzake ambaye hakupitia, wa kupata presha ya kudumu na ugonjwa wa figo miaka inayofuata. Presha ya 118 kwa 76 leo ni habari njema, ila haijibu swali kuhusu figo. Ulistahili kwenda meza ya mkojo na ya damu. Hukwenda kwa sababu hukuulizwa, na wewe hukujua kwamba inahusika.

Meza ya pili: mkojo

Figo nzima huchuja damu na kuiacha protini ndani. Chujio likianza kuchanika, protini inavuja kwenye mkojo, mara nyingi miaka mingi kabla mtu hajasikia chochote. Ndiyo maana mkojo unapimwa kabla ya damu. Ni bei ndogo, hauna maumivu na unaweza kuona tatizo mapema.

Kijiti kina kibox cha protini ambacho ni cha manjano. Kikikutana na protini kinageuka kijani, na kadiri protini inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea. Kinasomwa kwa kukilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kopo lake, kwa muda ulioandikwa hapo, mara nyingi sekunde 60. Kikiachwa mezani dakika tano huku muuguzi anaongea na mtu mwingine, rangi inaweza kuendelea kubadilika na jibu linakuwa si la kweli. Kopo likiachwa wazi siku nzima kwenye unyevu na joto, vijiti vinaharibika vyote.

Lakini hata kikisomwa vizuri, kijiti kinapima mkojo jinsi ulivyo muda ule. Mtu aliyekesha bila maji ana mkojo mzito, na protini kidogo tu ambayo ni ya kawaida itaonekana nyingi. Aliyekunywa chupa mbili za maji akisubiri foleni ana mkojo mwepesi, na protini ambayo ni tatizo kweli inaweza isionekane kabisa. Homa, mazoezi makali, maambukizi ya njia ya mkojo na damu ya hedhi vyote vinaweza kuleta plus moja kwa mtu mwenye figo nzima. Huku Pwani, Zanzibar na kanda ya Ziwa tuongeze kichocho cha mkojo, ambacho huleta damu kwenye mkojo na kuchanganya majibu. Hicho kina kipimo chake na dawa yake.

Sasa tumrudie mdogo wako. Umesema ni dereva wa bodaboda, usiku ule alikuwa kazini, na asubuhi alicheza mpira kabla ya kuja uwanjani. Hana presha, hana kisukari, hana historia yoyote. Mkojo wake ulikuwa, kwa maneno yako, "kama chai ya rangi". Plus moja kwa mtu huyu, kwa siku hiyo, ina nafasi kubwa ya kuwa ni ya kusingiziwa. Kumtoa damu pale pale kusingetatua kitu. Kinachotakiwa ni kurudia mkojo, ule wa kwanza anaoamka nao asubuhi, akiwa hajafanya mazoezi makali kwa siku mbili na hana homa. Aanze kukojoa kidogo chooni, ndipo akinge wa katikati. Ukitoka safi, ameruhusiwa. Ukitoka tena na protini, hapo sasa amepata sababu, na anapaswa kupimwa damu bila mjadala.

Kwa hiyo aliyemwambia arudi wiki ijayo hakumkatalia haki yake. Alimpa kipimo kilichomfaa. Je, amerudi? Barua haisemi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kipimo cha damu alichokwenda kulipia hakifuti ile plus moja. Bado mkojo wake unasubiri kurudiwa.

Kwa mama ni tofauti. Mwenye presha au kisukari hupimwa mkojo na damu vyote viwili, hata mkojo ukiwa safi kama maji ya kisima. Sababu ni kwamba zipo figo zinazopungua nguvu bila kuvujisha protini. Tena kijiti hakioni vizuri kiasi kidogo cha albumini, ile protini inayotangulia kuvuja. Kwa watu kama mama kuna kipimo cha mkojo kilicho bora zaidi, kinachofanyika maabara, kinachoitwa uwiano wa albumini na kreatinini. Kwa kuwa kinalinganisha vitu viwili ndani ya mkojo uleule, mkojo mzito au mwepesi haukichanganyi sana. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Kuanzia 30 ni dalili ya chujio kuvuja. Zaidi ya 300 ni kuvuja sana. Mwombeni daktari amwandikie.

Meza ya tatu: damu, na ile 110 mbili

Hapa ndipo penye kosa lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingine.

Kreatinini ni taka ya misuli. Ifikirie kama majivu ya jikoni: kila siku misuli inafanya kazi, inatoa majivu, na figo inayafagia nje kupitia mkojo. Kipimo cha damu kinatuonyesha lundo la majivu lililobaki uani. Lakini ukubwa wa lundo hautegemei mfagiaji peke yake. Unategemea pia moto uliowashwa.

Mdogo wako ni kijana wa miaka 25 mwenye misuli ya kubeba pikipiki. Moto wake ni mkubwa, majivu yake ni mengi kila siku, na lundo la 110 maana yake mfagiaji anafanya kazi nzuri tu. Mama ana miaka 58, misuli yake ni midogo kuliko ya kijana, na moto wake ni mdogo. Kama kwa moto huo mdogo bado lundo limefika 110, basi mfagiaji amechoka.

Madaktari hawasomi kreatinini peke yake. Wanaiingiza kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia ili kupata kiwango cha uchujaji, yaani mililita ngapi za damu figo zinasafisha kwa dakika. Kwenye karatasi za maabara nyingi huandikwa eGFR. Kijana mzima huwa karibu na 100 au zaidi, na kinapungua taratibu na umri. Chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi huitwa ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15 figo zimefeli.

Nimefanya hesabu hiyo kwa kanuni inayotumika sasa, CKD-EPI 2021, ambayo unaweza kuipata kwenye simu kwa kuandika jina hilo. Kwa mdogo wako: kreatinini 110, miaka 25, mwanaume, jibu ni kama 82. Kwa mama: kreatinini 110, miaka 58, mwanamke, jibu ni kama 50.

Karatasi mbili, namba moja, na neno "kawaida" kwenye zote mbili. Lakini mmoja figo zake zinachuja 82 na mwingine 50. Tatizo ni kwamba maabara ile iliandika mpaka mmoja, 62 hadi 115, kwa wanaume na wanawake, vijana na wazee. Mtu mwenye umbo dogo anaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu za figo zake kabla namba haijavuka mpaka kama huo. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kreatinini isiyo na eGFR, usikubali kuondoka na neno "kawaida". Muulize anayekusomea: kwa umri wake na jinsia yake, uchujaji ni ngapi?

Niongeze tahadhari moja ili mtu asije akajitibu kwa simu. Hesabu hii inakosea kwa mtu mwenye misuli mikubwa sana, kwa aliyekonda sana kwa ugonjwa, kwa aliyekatwa mguu, na haitumiki kwa mjamzito. Na haisemi chochote cha uhakika kwa kipimo cha siku moja.

Miezi mitatu

Hilo neno "sugu" lina maana yake. Uchujaji unaweza kushuka kwa muda kwa sababu ya kuharisha, malaria, kukosa maji, au vidonge vya maumivu, na ukapanda tena sababu ikiondoka. Kambi ya siku moja haiwezi kumpa mtu ugonjwa sugu. Inaweza tu kumpa sababu ya kufuatiliwa.

Kwa mama basi, mpangilio ni huu. Kreatinini irudiwe ndani ya wiki mbili, kuhakikisha haiko mbioni kupanda. Kama ikipanda, au akipungua mkojo, akivimba, au akitapika na kulegea, msisubiri tarehe, mpelekeni siku hiyohiyo. Kama imetulia, irudiwe tena miezi mitatu tangu siku ya kambi, pamoja na ule uwiano wa albumini. Ikibaki chini ya 60, au albumini ikibaki 30 na zaidi, hapo ndipo daktari atasema ana ugonjwa sugu wa figo, na kwa 50 atakuwa bado mbali sana na mashine ya kusafisha damu.

Wakati mnasubiri, kuna jambo moja la kufanya wiki hii. Umeandika kwamba mama anameza diklofenaki "karibu kila siku" kwa ajili ya magoti. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo na hupandisha presha. Kwa mtu wa presha mwenye uchujaji wa 50 ni mzigo juu ya mzigo. Mwambieni daktari wake, ampe njia nyingine ya kutuliza maumivu. Paracetamoli kwa kipimo sahihi mara nyingi ndiyo inayoanza. Lakini dawa za presha asiache hata siku moja, kwa sababu 152 kwa 94 inaonyesha kwamba presha haijadhibitiwa ingawa anazo dawa. Daktari akiona protini inavuja kweli, anaweza kumbadilishia aina ya dawa, akampa losartani au enalaprili, ambazo hushusha presha na pia kupunguza kuvuja kwa chujio. Zinahitaji damu kupimwa tena wiki chache baada ya kuanza, kuangalia kreatinini na potasiamu. Kwa hiyo si dawa za kuazimana na jirani. Na wewe dada mwenye umri wa kuzaa, kaa mbali na vidonge vya mama, kwani hudhuru mtoto tumboni.

Kwa mdogo wako: mkojo wa asubuhi, mara moja, wiki hii. Ukiwa safi, na presha ikibaki nzuri, hana haja ya kununua kipimo kingine cha damu kwa sasa. Ile 82 tuichukue kama kumbukumbu, aitunze karatasi. Ila tukumbuke kwamba ugonjwa wa mama ukithibitishwa, itabidi kijana huyo asirudi tena kwenye meza ya kwanza kama mtu asiye na historia. Kila atakapopimwa aseme: mama yangu ana ugonjwa wa figo.

Kwa wewe: nenda kituo cha afya na daftari lako la kliniki ya ile mimba, kama bado unalo. Mwambie daktari maneno haya: "Nilipata presha na protini kwenye mkojo nikiwa mjamzito, miaka minne iliyopita." Upimwe presha, mkojo na kreatinini. Mkojo upimwe siku ambazo huko kwenye hedhi. Vikiwa safi vyote, presha yako ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Na siku ukipata mimba nyingine, sema maneno hayohayo kwenye hudhurio la kwanza kabisa.

Kambi ikija mtaani kwenu

Kwa wasomaji wengine, hii ndiyo kazi yenu kabla ya kwenda uwanjani. Andika kwenye karatasi au kwenye simu dawa zote ambazo kila mtu mzima nyumbani anatumia, zikiwemo za maumivu na za mitishamba. Ulizia kwa shangazi na wajomba nani kwenye ukoo aliwahi kuvimba miguu na uso au kusafishwa damu. Ukifika meza ya kwanza usisubiri kuulizwa, sema. Kinachoamua kama utafika meza ya tatu ni majibu yako, na yule muuguzi hawezi kuyaona kwenye uso wako.

Na kabla hujaondoka, hakikisha una karatasi yenye vitu vinne: presha iliyoandikwa kwa namba, jibu la mkojo, kreatinini pamoja na eGFR kama ulitolewa damu, na jina la kituo na tarehe ya kurudi. Kambi isiyokupa tarehe ya kurudi imekupa nusu ya kipimo.

Dada, mmeishazitia karatasi zenu tatu kwenye bahasha moja? Ya mama iwe juu. Wiki mbili tangu kambi zimeshapita, kwa hiyo yeye aende kesho.